VPN ya bure kwenye simu: namna ya kuipima kabla ya kuipa nyota

Julai 2018 Waganda walianza kudaiwa shilingi 200 kwa siku ili watumie mitandao ya kijamii, na wengi wakakimbilia programu za VPN ili wasilipe. Kodi hiyo ikaondolewa Julai 2021, lakini Facebook ilikuwa imeshafungwa tangu Januari mwaka huohuo, na VPN zikabaki kwenye simu. Leo muuza nguo wa Owino na mwanafunzi wa Mbale wote wanazo, nyingi zikiwa za bure, na karibu zote zilichaguliwa kwa njia moja: rafiki alisema "hii inafanya kazi", au nyota zake zilionekana nyingi.

Maneno kuhusu programu hizi ni mengi na yanagongana. Mmoja anasema zinakula MB. Mwingine anaapa kwamba ziliiba PIN ya pesa za simu za jirani yake. Wa tatu anasema kama iko Play Store basi Google wameshaikagua, hakuna la kuogopa. Kila dai hapo lina chembe ya ukweli na chembe ya uongo, na vyote viwili unaweza kuvichunguza mwenyewe kwa simu uliyonayo mkononi.

Tuanze na kazi yenyewe ya VPN. Bila VPN, simu yako inaomba ukurasa kupitia kampuni ya simu, na kampuni inaona unakwenda tovuti gani. Ukiwasha VPN, ni kama kumpa boda wa stegi bahasha iliyofungwa aipeleke kwenye duka fulani mjini; mwenye duka anaifungua, anakuta ndani bahasha ya pili yenye anwani ya kweli, kisha anaituma yeye. Boda hajui barua inaishia wapi, lakini mwenye duka anajua. Kwa hiyo VPN haifuti macho yanayokutazama. Inayahamisha tu, kutoka kampuni ya simu unayoijua, yenye ofisi Kampala na leseni, kwenda kwa mtu ambaye pengine hujawahi kusikia jina lake. Ukilishika hilo, utajua pia kwa nini kuipima VPN ni kazi tofauti na kupima mchezo wa simu au kikokotoo.

Hitilafu mbaya ni ile isiyopiga kelele

Programu nyingine ikiharibika utaona: inajifunga, inaganda, inaandika ujumbe wa kosa. VPN inaweza kuharibika huku ikikuonyesha alama ya kijani na neno Connected, wakati data yako inapita njia ya kawaida. Hiyo ndiyo hitilafu ya kutafuta kwanza, na haigunduliki kwa kutazama programu yenyewe.

Zima VPN, fungua kivinjari, nenda ipleak.net. Ukurasa huo utakuonyesha anwani yako ya IP, yaani namba inayoitambulisha simu yako kwenye intaneti kwa wakati huo, pamoja na jina la kampuni inayoitoa. Kama unatumia data ya MTN au Airtel, utaona jina lao. Sasa washa VPN, hakikisha alama ndogo ya ufunguo imetokea juu ya skrini, kisha pakia ukurasa upya. Anwani lazima ibadilike. Shuka chini kidogo hadi sehemu ya DNS. Hizo ni seva zinazogeuza jina la tovuti kuwa anwani ya namba. Kama hapo bado unaliona jina la kampuni yako ya simu, VPN inavuja: data inapita kwenye VPN, lakini majina ya tovuti unazozitembelea bado yanaulizwa kwa kampuni ya simu.

Halafu ivuruge. VPN ikiwa imeunganishwa, washa hali ya ndege kwa sekunde kama kumi, izime, na mara tu mtandao unaporudi pakia ule ukurasa tena. Rudia kwa kuhama kutoka waifai kwenda data ya simu. Mtu anayepanda teksi Wandegeya na kushuka Ntinda hupotezewa mtandao njiani mara kadhaa bila kujua, kwa hiyo jaribio hili ndilo linalofanana na maisha ya kila siku. Kama anwani yako halisi inaonekana huku programu ikiandika Connected, hata nyota tano za wengine zisikushawishi. Android ina kinga yake: kwenye Settings, sehemu ya VPN, gusa alama ya gia kando ya jina la programu, utaona Always-on VPN na Block connections without VPN. Ukiviwasha, VPN ikikatika intaneti nayo inakatika. Si simu zote zinazoonyesha machaguo haya, na si VPN zote zinazokubaliana nayo.

Kabla ya kuilaumu programu, iulize simu. Tecno na Infinix zilizojaa madukani kwetu zina mfumo mkali wa kubana betri, ambao huzifunga programu zinazofanya kazi nyuma ya skrini. VPN ni programu ya namna hiyohiyo. Kama inakatika kila skrini inapozimika, nenda kwenye mipangilio ya betri, iondoe kwenye kubanwa, kisha ipime upya. Tatizo likitoweka, kosa halikuwa la mtengenezaji. Kuna na lawama nyingine ya uonevu: kwamba VPN fulani "ilishindwa" siku za uchaguzi wa 2021. Kuanzia Januari 13 hadi 18 mwaka huo intaneti yote ilizimwa. VPN hupita juu ya intaneti. Intaneti isipokuwepo, hakuna VPN duniani itakayofanya kazi, ya bure wala ya kulipia.

Matangazo na MB zako

Seva zinagharimu fedha, na programu ya bure lazima izipate mahali. Matangazo ni njia ya halali, na mimi sioni ubaya wa tangazo dogo chini ya skrini. Swali ni lini linatokea na linakuzuia kufanya nini. Tangu Septemba 30, 2022, kanuni za Play Store zinakataza tangazo la skrini nzima linalomvamia mtumiaji wakati ameanza kufanya jambo jingine, na pia tangazo la skrini nzima lisiloweza kufungwa baada ya sekunde 15. Tangazo ambalo mtu amelikubali mwenyewe, kwa mfano ili apate seva ya kasi, haliguswi na kanuni hiyo. Basi hesabu: ukigusa kitufe cha kuunganisha, tangazo linakuja kabla au baada? Ukikatisha, linakuja lingine? Alama ya kufunga inaonekana, au imefichwa kwenye kona kwa rangi ileile ya nyuma?

Kosa kubwa zaidi ni tangazo linalotokea nje ya programu, kwa mfano ukiwa unasoma WhatsApp. Watu wengi humlaumu asiyehusika. Tangazo likiwa bado mbele yako, bonyeza kitufe cha kuonyesha programu zilizofunguliwa. Mara nyingi utaona ikoni ya mwenye tangazo. Kisha fungua Settings, Apps, Special app access, na utazame orodha ya Display over other apps. VPN haina haja yoyote ya kuwa kwenye orodha hiyo.

Sasa hilo la MB. VPN hufunga data kwenye kifungashio cha ziada, na kifungashio hicho huongeza matumizi kwa takriban asilimia 5 hadi 15, kutegemea teknolojia inayotumika. Anayesema VPN inakula MB hakukosea, ila mlaji mkubwa mara nyingi ni tangazo la video. Tuseme kila tangazo ni MB 4, linatokea unapounganisha na unapokatisha, nawe unafanya hivyo mara tano kwa siku. Hiyo ni MB 40 kila siku, na bando la GB 1 litaisha kwa siku 25 kabla hujafungua Facebook hata mara moja. Na bando hilo limeshatozwa ushuru wa asilimia 12, ule uliochukua nafasi ya shilingi 200.

Kuna sababu nyingine ya tangazo kupenda kuja baada ya kuunganisha. Ukishapita kwenye seva ya Marekani, unaonekana kama mtu aliyeko Marekani, na watangazaji hulipa zaidi kumfikia mtu wa huko kuliko wa Jinja. Ukianza kuona matangazo ya bima ya magari ya Texas, ujue umeuzwa kama Mmarekani.

Jaribio moja la mwisho hapa: iache simu mezani kwa saa moja VPN ikiwa imewashwa, kisha saa moja ikiwa imezimwa, na ulinganishe jumla ya data iliyotumika kila saa. Tofauti ndogo ni ya kawaida. Ikiwa saa ya VPN imekula makumi ya MB na wewe hujagusa kitu, ama matangazo yanapakuliwa kimya kimya, ama kuna mtu mwingine anayepita kwenye simu yako. Msomaji asidhani natia chumvi: mwaka 2015 ilijulikana kwamba Hola, huduma ya bure iliyokuwa na mamilioni ya watumiaji, ilikuwa ikipitisha data za watu kwenye vifaa vya watumiaji wenzao na kuuza njia hiyo kwa wateja wa kulipia.

Faragha: nani mwenye duka?

Mara ya kwanza unapounganisha, Android yenyewe hukuuliza kama unairuhusu programu kuanzisha VPN na kufuatilia data ya mtandao. Ruhusa hiyo ni ya lazima, bila hiyo hakuna kazi. Baada yake VPN haihitaji orodha ya majina, SMS, simu ulizopiga, kamera wala picha. Mahali ulipo kuna utata kidogo: programu inayojiwasha yenyewe kwenye waifai ngeni inahitaji kusoma jina la waifai, na Android huhesabu hilo kama kujua mahali ulipo. Ikikuomba ruhusa hiyo "ili kuchagua seva ya karibu", kataa uone. Seva ya karibu inaweza kukadiriwa kwa anwani ya IP.

Na ile PIN? Ukipiga *165# ya MTN au *185# ya Airtel, mawasiliano hayo ni ya USSD; hayapiti kwenye intaneti, kwa hiyo VPN haiyaoni kabisa. Programu za benki hupita kwenye VPN, lakini zikiwa zimefungwa kwa usimbaji wao wenyewe, yaani data imegeuzwa fumbo lisilosomeka njiani. Kwa kawaida mwenye VPN anaona unazungumza na benki gani, saa ngapi, kwa data kiasi gani, ila haoni kilichoandikwa. Hatari ya kweli iko kwenye programu inayojiita VPN huku ikiomba kusoma SMS au ikitaka uiwashe kwenye Accessibility, kwa sababu hiyo inaweza kusoma kilichopo kwenye skrini. Ukiona ombi hilo, ifute, usisubiri maelezo.

Kwenye ukurasa wa Play Store kuna sehemu ya Data safety. Wengi huisoma kama cheti cha Google, lakini hujazwa na mtengenezaji mwenyewe. Tena ina mlango wa uani: data ikipelekwa kwa kampuni inayomfanyia kazi mtengenezaji, haihesabiwi kuwa "imeshirikiwa". Programu inaweza kuandika kwamba haimpi mtu yeyote data zako na bado zikafika kwenye seva za wengine, bila kuvunja maelekezo ya fomu.

Njia ya kuangalia nyuma ya fomu ni tovuti ya shirika la Kifaransa la Exodus Privacy. Andika jina la programu, nayo itakuonyesha vifuatiliaji vilivyomo ndani yake, yaani vipande vya msimbo wa kampuni za matangazo na takwimu, pamoja na ruhusa inazoomba. Ina mpaka wake: inaona kwamba kipande kimo, haithibitishi kwamba kinafanya kazi. Hata hivyo, VPN yenye vifuatiliaji saba vya matangazo ina maswali ya kujibu. Mwaka 2016 watafiti wa CSIRO, shirika la utafiti la serikali ya Australia, na wenzao walichunguza programu 283 za VPN za Android, wakakuta asilimia 75 zina vifuatiliaji vya watu wengine, na asilimia 18 hazikuwa zikisimba data kabisa. Takwimu ni za zamani, ila biashara yenyewe haijabadilika sana.

Ukisoma sera ya faragha, usihangaike na kurasa zote. Tafuta kampuni imesajiliwa nchi gani, inatunza kumbukumbu gani za muunganisho, na nani wanaitwa washirika. Usiyameze maneno "hatutunzi kumbukumbu". Julai 2020 hifadhidata ya UFO VPN, iliyokuwa ikijitangaza hivyohivyo, ilikutwa wazi kwenye intaneti ikiwa na anwani za IP na nywila za watumiaji. Na wale wanaotumia VPN ili kuingia Facebook wakumbuke Onavo Protect: ilikuwa VPN ya bure ya Facebook wenyewe, nao waliitumia kujua watu wanapenda programu gani za washindani wao. Iliondolewa App Store 2018, na Play Store 2019.

Uganda ina Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019, na ofisi ya kuisimamia, PDPO, iliyo chini ya mamlaka ya taifa ya teknolojia ya habari, NITA-U. Sheria inamgusa hata aliye nje ya nchi anayekusanya data za raia wa Uganda, na malalamiko hupokelewa. Ugumu ni kumkamata mtu ambaye anwani yake ni barua pepe tu.

Tarehe ya sasisho haitoshi

Programu iliyosasishwa wiki iliyopita inaonekana kutunzwa. Huenda ndivyo. Lakini Google huwalazimisha watengenezaji kulenga toleo la karibuni la Android, na miaka ya hivi karibuni tarehe ya mwisho imekuwa Agosti 31. Programu iliyolala mwaka mzima na kuamka Agosti na maneno "bug fixes and performance improvements" pengine imelipa ada ya mlango tu. Masasisho mazuri hutaja kitu: hitilafu gani, kwenye simu zipi. Ukiwa umeiandika ile hitilafu ya kuvuja, ni rahisi kujua kama wameigusa: rudia jaribio lilelile baada ya kusasisha.

Sasisho pia linaweza kuiharibu programu iliyokuwa safi. Desemba 2020 programu moja iliyoitwa Barcode Scanner, yenye zaidi ya watumiaji milioni 10, ilipokea sasisho lililoanza kufungua kurasa za matangazo zenyewe kwenye vivinjari vya watu. Programu ilikuwa njiani kuuzwa kwa wamiliki wapya. Kwa hiyo baada ya sasisho kubwa tazama kama jina la mtengenezaji limebadilika, kama ruhusa zimeongezeka, na kama ripoti ya Exodus ya toleo jipya ina vifuatiliaji zaidi ya ile ya zamani. Na programu iliyotoka Play Store ikikuambia pakua faili la sasisho kutoka tovuti nyingine, usipakue.

Hapo ndipo nyota zinapoingia. Tangu Novemba 2021 wastani unaouona Play Store kwenye simu unatokana na watumiaji wa nchi yako, kwa hiyo ni Waganda wenzako, wenye mitandao na simu kama zako. Shida ni kwamba wengi wao walibonyeza nyota tano ili wapewe dakika za bure, na wengine moja kwa sababu bando liliisha. Soma za karibuni, hasa zenye nyota mbili hadi nne. Mtu wa katikati huwa ametumia kitu na kukifikiria. Nawe ukiandika, andika kitakachomsaidia mwenzako na mtengenezaji, kwa mfano hivi:

"Toleo 4.2.1, Infinix, Android 13, data ya simu. Inaunganisha haraka. Mtandao ukikatika na kurudi, anwani yangu halisi inaonekana kwa sekunde kadhaa huku ikiandika Connected. Nimeiondoa kwenye kubana betri, tatizo limebaki. Video ya tangazo kila ninapounganisha na ninapokatisha. Haikuomba ruhusa za ajabu. Nyota mbili mpaka kuvuja kurekebishwe."

Mtengenezaji akijibu kwa "asante, tuandikie barua pepe" na jibu hilohilo liko chini ya kila lalamiko, umejifunza jambo kuhusu huduma yake. Akitoa toleo jipya, pima upya kisha rudi uhariri maoni yako. Usipofanya hivyo yatabaki yakiwaambia watu habari za toleo ambalo halipo tena.